Pointi Mbili za Mkono Wangu

Mwaka ule niliitwa mjini Kasongo kusahihisha mtihani wa kuingia shule ya ualimu, nikafurahi kama mjinga. Tulikuwa wanane, walimu wote, bamoniteri kama tulivyoitwa enzi ya Wabelgiji, kila mmoja ametoka shule yake na baiskeli yake na shati moja la kubadili. Kuitwa kusahihisha ilikuwa heshima. Jina lako liliandikwa kwenye barua ya inspekta, na mtu ambaye jina lake limo kwenye barua ya inspekta, hata mkwe wake anamsalimia kwa sauti nyingine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulisema. Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa amefanya mtihani huohuo katika kituo cha Kabambare. Sheria ilikuwa wazi: mwenye ndugu kati ya watahiniwa asisahihishe. Nilijiambia kwamba kopi, karatasi za majibu, ni mamia, hazina majina, zina namba tu, na mafungu ni manane. Bahati gani mbaya ingelileta la kwake mbele yangu? Nikanyamaza. Ninasema haya sasa kwa kuwa ni mzee na hakuna tena wa kunifukuza kazi.

Insha ndiyo iliyokuwa inakata. Hesabu ina jibu moja, aliyekosea amekosea, lakini insha ya Kifaransa inapimwa na mtu. Kila mtoto alitakiwa apate kumi na mbili juu ya ishirini. Akipata kumi na moja na nusu, hata kama hesabu amezimaliza zote, anarudi kwao kulima. Mdogo wangu alikuwa amefikia ukomo wa umri. Ile ilikuwa mara yake ya mwisho, na nyumbani wote tulilijua hilo.

Inspekta alikuwa Mbelgiji mwembamba mwenye miwani, asiyepiga kelele. Tungemwogopa kidogo tu kama angepiga kelele, maana mzungu wa kelele tulimzoea. Huyu alizungumza nasi Kifaransa cha polepole, akatueleza kwamba alikokuwa amesoma wamegundua jambo: insha moja, ikipewa walimu kumi, inapata alama kumi tofauti. Kuna mwalimu ana mkono mzito, anakata kila mtu. Kuna mwenye mkono mwepesi, anagawa pointi kama karanga. Mtoto anafaulu au anaanguka kwa sababu ya fungu alimoangukia. Yeye, alisema, mwaka huu angeipima mikono yetu.

Mimi nilitazama mikono yangu juu ya dawati, nikaiweka chini.

Njia yake ilikuwa hivi. Kila mmoja wetu alipewa fungu la kopi sitini za kusahihisha peke yake. Zaidi ya hizo kulikuwa na jalada la buluu lenye insha kumi za mwaka uliopita, watoto ambao hatima yao ilikwisha kuamuliwa zamani. Jalada hilo lingezunguka kwetu sote wanane, na kila mtu aandike alama zake kwenye kikaratasi cha pembeni, si juu ya kopi, asizione za wenzake. Kwa kuwa insha hizo kumi ni zilezile kwa kila mtu, tofauti ya alama haiwezi kutoka kwa mtoto. Itakuwa imetoka kwa mkono.

Tulikaa katika madarasa ya shule, vumbi la kiangazi likiingia madirishani, asubuhi baridi mpaka vidole vinagoma. Nikafungua fungu langu. Mada ilikuwa safari uliyosafiri. Insha ya kwanza ilivuka mto Luama. Ya pili ilivuka Luama. Ya tatu ilimsindikiza shangazi mpaka kijiji cha Wamaza, ikavuka Luama wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Nikajua nimepewa Kabambare, nyumbani.

Ningesimama pale pale, nikaseme. Hatua kumi tu mpaka mlango wa inspekta. Lakini angeniuliza kwa nini sikusema jana, na mwalimu aliyemficha inspekta jambo hakai mwalimu. Ningerudi kijijini, na baiskeli, mali ya kazi, ingebaki. Nikakaa. Na kwa kuwa niliogopa kwamba siku moja mtu atasema nimewapendelea watu wa kwetu, nilianza kuwakata. Penye kumi na nne nikaandika kumi na mbili. Penye kumi na mbili, kumi. Nilijisikia mwaminifu kabisa. Hofu ina tabia hiyo, inavaa kanzu ya haki na wewe mwenyewe unaisalimia.

Siku ya tatu nilifika kwenye kopi ya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono akiandika herufi ya kwanza ya maisha yake, ningekosaje kuutambua mwandiko ule? Insha ilikuwa nzuri. Niliisoma mara mbili nikitafuta njia ya kutoipenda. Ilikuwa ya alama kumi na nne, na mwalimu mkarimu angefika kumi na tano. Nikaandika tisa. Nikaigeuza haraka, nikachukua inayofuata.

Jioni hiyo tulikula pamoja kama kila jioni, wanane kuzunguka sinia moja la ugali na sombe ya majani ya muhogo. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu wa Nyangwe, mtu mnene mwenye huruma, ambaye alifundisha kabla sisi wengine hatujajua kufunga vifungo. Ndiye aliyelizungumzia jalada la buluu. Kwetu ilikuwa desturi, na sidhani kuna moniteri wa wakati ule atakayebisha: hamwendi mbele ya mzungu na maneno mawili. Mnasikilizana kwanza nje, ndipo mnaingia na neno moja. Hivyo ndivyo tulivyoepuka mengi.

“Mbele ya muzungu tuko mutu mumoja,” alisema. “Wanane tukileta maneno nane, atachagua wa kufukuza. Zile kumi haziko za mutoto yeyote wa mwaka huu. Tusikilizane.”

Tukasikilizana. Insha ya kwanza, kumi na moja. Ya pili, saba. Tuliendelea hivyo tukimega ugali, na hatukuwa wapumbavu, tulipanga huyu aongeze nusu hapa, yule apunguze nusu pale, ili isionekane. Tulicheka hata. Mimi nilicheka kuliko wote, maana kifua changu kilipata pumzi kwa mara ya kwanza tangu Luama ya kwanza. Hakuna mtoto tuliyemdhuru, tulisema. Alama zile hazikuwa za mtu.

Hilo ndilo kosa letu, na ilinichukua siku mbili tu kulielewa.

Inspekta alikuwa na mashine ya kuhesabu, ya chuma, yenye mpini wa kuzungusha. Alihitaji mtu wa kumsomea namba naye azungushe, na kwa kuwa hesabu zangu zilikuwa na sifa, akanichagua mimi. Nilidhani ameninusa. Nilikaa mbele yake, ng'ambo ya meza, nikasoma alama za jalada la buluu mstari kwa mstari.

Alikuwa mwalimu kuliko alivyokuwa bwana, na hakuweza kufanya kazi bila kueleza. Alama yoyote, aliniambia, ina vitu vitatu ndani yake: uwezo wa mtoto, mkono wa msahihishaji, na bahati ya siku ile. Huwezi kuviona vikiwa vimechanganyika. Lakini wasahihishaji wote wakipima insha zilezile kumi, unachukua wastani wa kila insha, unaangalia kila mtu yuko juu au chini yake kiasi gani, unakusanya tofauti zake kumi na kuzigawa. Hiyo ndiyo namba ya mkono wake. Kinachobaki baada ya kumtoa mtoto na kuutoa mkono ndiyo bahati, na bahati haikosekani kamwe.

Akazungusha. Namba za mikono yetu zikatoka: sehemu ya kumi ya pointi juu, sehemu ya kumi chini, sifuri, sifuri. Mikono minane yote sawa. Nilishusha pumzi.

Kisha akachukua wastani wa mafungu. Mafungu saba yalikuwa kati ya kumi na moja na kumi na mbili. La kwangu lilikuwa tisa. Akalitazama, akaiangalia tena namba ya mkono wangu, ambayo ilikuwa sifuri, akafanya kile ambacho hesabu ilimwambia afanye. Ikiwa mkono si mzito na alama ni za chini, basi kilichobaki ni watoto. Akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mdogo, kwamba watahiniwa wa Kabambare ni dhaifu.

Nilisoma maneno yale yakiwa kichwa chini miguu juu, kutoka upande wangu wa meza. Alama zile ambazo hazikuwa za mtu zilikuwa ndizo mizani, na sisi wanane tuliikalia mizani. Uzito wangu wote, ule niliouweka juu ya watoto sitini kwa woga, ulikuwa umetoka kwenye jina langu na kuhamia kwao. Kama tusingesikilizana, namba ingenishika mimi na kuwaachia wao. Watoto watano au sita walikuwa wamevuka kumi na mbili. Mdogo wangu hakuwamo, na wengine wengi waliostahili hawakuwamo.

Inspekta hakufunga daftari. Aliendelea kuitazama ile safu ya mwisho, ya bahati, ambayo ilikuwa na namba ndogo ndogo. Akafungua mtoto wa meza akatoa insha moja yenye alama mbili, zote za mwandiko wake. Alieleza kwamba aliisahihisha mwenyewe, akaiweka mwezi mzima, akaisahihisha tena bila kutazama. Mara ya kwanza kumi na tatu. Mara ya pili kumi na moja na nusu.

“Mimi na mimi tunatofautiana pointi moja na nusu,” alisema kwa Kifaransa chake cha polepole. “Ninyi wanane mnatofautiana nusu. Ama ninyi ni malaika, ama mmezungumza.”

Hakuwa na hasira. Aliniambia kwamba kesho asubuhi angemwita kila mmoja peke yake. Watu wa kwetu baadaye waliniita jasiri, kwa hiyo nieleze vizuri jinsi nilivyosema. Kweli, yale maneno ya pembeni kuhusu Kabambare yaliniuma. Lakini ni kweli pia kwamba niliona tumekamatwa, na nilijua kwamba katika nchi ile anayesema wa kwanza ndiye anayehurumiwa. Siwezi kupima ni lipi lilikuwa zito zaidi, na mashine yake isingeweza pia. Nikamwambia tulizungumza, na kwamba fungu langu nimelikata kupita kiasi, kwa kuogopa kuonekana mlegevu.

Sikumwambia kwa nini hasa. Sikumtaja mdogo wangu.

Wenzangu walijua kesho yake, kabla ya saa sita mchana. Walipoitwa mmoja mmoja, hawakuwa na la kukana. Inspekta hakumfukuza mtu, alisema tu kwamba kazi inaanza upya na barua za mwaka ujao ataziandika yeye anavyojua. Jioni sinia lilikuwa na mikono saba. Mimi nilipewa sahani yangu, imewekwa pembeni vizuri, na hakuna aliyenitukana, jambo ambalo lingekuwa nafuu. Mwalimu wa Nyangwe peke yake alinisogelea. Alikaa kando yangu, akasema, “Ungetuambia sisi mbele. Tungekuja wote kusema.” Pengine ilikuwa kweli. Sikuwa nimelifikiria.

Safari hii hapakuwa na jalada la buluu. Muda ulikuwa mfupi, majibu yalisubiriwa, kopi zote zisingeweza kusahihishwa tena. Kwa hiyo kutoka kila fungu inspekta alitoa kwa kura kopi kumi, akafunika alama za kwanza kwa karatasi ya gundi, akazichanganya zote themanini, kila moja ikapita kwa wasahihishaji wawili wengine, kila mtu katika darasa lake, mlango umefungwa, na chakula tuliletewa humohumo. Hivyo kila mkono ulikutana na mikono mingine juu ya insha zilezile, na mtu hakujua ipi ni ya nani.

Mimi ndiye niliyeshika kofia wakati wa kura ya fungu langu. Alitia vidole, akatoa namba, akasoma. Kila namba ilipotoka niliomba iwe ya mdogo wangu, ili mtu mwingine aisome na kumpa haki yake. Na kila ilipotoka niliomba isiwe, maana insha ya kumi na nne iliyopewa tisa ingepiga kelele kwenye jedwali. Niliomba yote mawili kwa Mungu mmoja. Kumi zilitoka. Yake ilibaki kofiani.

Siku ya kuzungusha mashine nilisoma namba tena, maana hakupata msomaji mwingine, au alitaka nione. Safari hii safu ya bahati ilikuwa na namba za kibinadamu, moja, moja na nusu, mbili. Na mikono ilionekana. Mwalimu wa Nyangwe alikuwa mwepesi, pointi moja juu. Wengine walicheza karibu na sifuri. Mimi nilikuwa chini kwa pointi mbili kamili. Inspekta alisema kopi kumi hazitoshi kujua kwa usahihi mkubwa, huenda ni moja na nusu, huenda ni mbili na nusu, lakini si sifuri. Kwa hiyo kila kopi ya fungu langu, zote sitini, ingeongezewa mbili. Kila kopi ya fungu la mwalimu wa Nyangwe ingepunguzwa moja, na watoto wa fungu hilo waliokuwa wamesimama ukingoni wangeanguka. Maneno ya Kabambare aliyafuta kwa mistari miwili.

Tisa na mbili ni kumi na moja. Nilikwisha kufanya hesabu hiyo kabla hajanyanyua kalamu.

Niliuliza. Sauti yangu ilijifanya ya mwanafunzi mdadisi. Je, kama mtu ana mkono mzito kidogo kwa wote, lakini insha moja akaikata zaidi, mashine itaona?

Alisema hapana, isipokuwa insha hiyo iwe kati ya zile zilizosomwa tena. Njia hii inarudisha kile ambacho mtu amewafanyia wote sawasawa. Alichomfanyia mmoja peke yake inakiita bahati, na bahati hairudishwi. Kisha akavua miwani, akanitazama bila miwani, macho mekundu ya uchovu.

“Kuna insha moja unayoifikiria?” aliuliza. “Niambie namba yake, tuisome sasa hivi.”

Namba yake niliijua. Ninaijua mpaka leo. Ningeitaja, naye angeitoa kwenye fungu, angeisoma, angeona kumi na nne chini ya tisa yangu, na angeuliza swali moja tu: umeijuaje? Niliogopa kama ambavyo sijaogopa tena, wala baadaye, mwaka waasi walipoingia kwetu, sikuogopa hivyo.

“Hapana, Bwana Inspekta,” nilisema. “Niliuliza tu.”

Akavaa miwani.

Majibu yalipobandikwa, watoto kumi na saba wa Kabambare walikuwa wamepita. Habari kwamba nilikuwa nimesema mbele ya inspekta ilitangulia baiskeli yangu. Nilipofika nyumbani, wazazi wa watu walikuwa wamekaa uani kwetu, wameleta kuku, wameleta mchele, na baba mmoja ambaye hajawahi kunisalimia aliushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili na kuwaambia wote kwamba mkono huu umewaokoa watoto. Nilitaka kuuvuta. Mama yangu hakulia mbele ya wageni. Aliwapikia.

Walipoondoka, mdogo wangu alikuja na daftari na penseli, akaketi karibu nami kwenye mkeka. Hakuonyesha uchungu. Alikuwa na haya tu, haya ya mtu aliyewaaibisha watu wake.

“Yaya, aksanti kwa wengine,” alisema, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. “Mimi nilikosa. Nimeiandika tena insha yangu yote, kama nilivyoiandika kule. Nionyeshe wapi nilikosa, niache kukosa.”

Nikaichukua. Neno kwa neno ilikuwa ileile. Ningeweza kumwambia hakuna kosa, na angeuliza basi kwa nini, naye hakuwa mjinga. Kwa hiyo nikatafuta. Kulikuwa na sentensi moja, wakati wa kuvuka Luama, aliyoandika kwamba mvushaji aliyatazama maji kwanza, ndipo akatutazama sisi. Katika kopi zote sitini hapakuwa na nyingine nzuri kama hiyo. Nikaweka kidole juu yake, nikamwambia hapa umeandika kitu kisichohitajika, ungesema tu kwamba tulivuka mto.

Aliitikia kwa kichwa, akailowesha raba ya penseli kwa ulimi, akaifuta sentensi ile polepole mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni ya tundu akaandika: tulivuka mto.